Umri wa Zinj Ulivyosomwa Katika Jivu la Olduvai

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, Louis Leakey alikuwa kambini Olduvai akiuguza homa. Mkewe, Mary, alishuka bondeni bila yeye, na kwenye mteremko wa eneo waliloliita FLK akaona kipande cha mfupa kimechomoza udongoni. Lilikuwa fuvu la kiumbe mwenye magego makubwa ajabu. Louis alimpa jina la Zinjanthropus. Leo wataalamu humwita Paranthropus boisei, lakini kwa Watanzania wengi amebaki kuwa Zinj.

Swali lililofuata ni lile ambalo kila mtu angeliuliza: ana miaka mingapi? Louis aliangalia mifupa ya wanyama waliozikwa pamoja naye na unene wa matabaka ya udongo, akakisia miaka 600,000 hivi. Hakuwa na njia bora zaidi. Kisha mwaka 1961, akishirikiana na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha katika jarida la Nature tarakimu iliyowashtua wengi. Zinj alikuwa na miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio ya mwanzo. Wapo waliokataa katakata kuamini.

Tarakimu hiyo haikutoka kwenye fuvu. Hakuna aliyeuweka mfupa wa Zinj ndani ya mashine. Kilichopimwa ni punje za madini kutoka kwenye jivu la volkano lililoanguka Olduvai likafunika matabaka, na ndani ya punje hizo mlikuwa na potasiamu iliyokuwa ikivunjika polepole tangu siku ile volkano ilipolipuka. Hapo ndipo hesabu yote ilipo, na ukiielewa utaelewa pia kwa nini wanasayansi waliobobea waliweza kukosea vibaya.

Tuanze na atomu yenyewe. Atomu nururifu ni atomu ambayo kiini chake hakijatulia, na siku moja kitageuka kuwa kitu kingine. Siku hiyo haitabiriki. Tena atomu haizeeki: iliyokaa miaka bilioni moja bila kuvunjika haiko karibu zaidi na kuvunjika kuliko ilivyokuwa mwanzo. Fikiria umemwaga sarafu elfu moja mezani, zote zilizoangukia upande wa picha ukaziondoa, kisha zilizobaki ukazirusha tena. Huwezi kusema sarafu ipi itaondoka safari hii, lakini unajua kwamba takriban nusu zitaondoka, na safari ijayo nusu ya zilizobaki. Muda wa safari moja kama hiyo, yaani muda unaotakiwa ili nusu ya atomu zivunjike, ndio huitwa nusumaisha.

Kila aina ya atomu nururifu ina nusumaisha yake. Moto hauibadilishi, wala baridi, wala maji, wala uzito wa milima. Kwa kaboni-14 ni miaka 5,730. Kwa potasiamu-40 ni miaka bilioni 1.25. Kuna namba nyingine inayosema jambo lile lile kwa njia ya pili: ni sehemu gani ya atomu zilizopo huvunjika kila mwaka. Hiki ndicho kiwango cha kuvunjika, na huandikwa kwa herufi ya Kigiriki lambda. Ukikijua kimoja, kingine unakipata kwa kugawanya:

```
λ = 0.693 / nusumaisha
λ = 0.693 / 1,250,000,000 = 5.54 × 10^-10 kwa mwaka
```

Ile 0.693 ni logi asilia ya 2, na imo humo kwa sababu tunazungumzia kugawanya kwa mbili. Maana ya jibu ni nyepesi kuliko sura yake: ukiwa na atomu bilioni 10 za potasiamu-40, kwa mwaka mzima zitavunjika tano au sita tu. Na ukitaka kujua ngapi zitabaki baada ya muda wowote, kanuni ni hii:

```
N = N0 × e^(-λt)
```

N0 ni idadi ya mwanzo, N ni idadi iliyobaki, t ni miaka iliyopita, na e ni namba 2.718 ambayo kikokotoo chochote cha sekondari kinayo.

Sasa, kwa nini Curtis na Evernden hawakutumia kaboni-14, ambayo watu wengi ndiyo wanayoifahamu? Gramu moja ya kaboni iliyotoka kwa kiumbe hai ina atomu za kaboni-14 zipatazo bilioni 60. Inasikika kuwa nyingi. Lakini zikipungua nusu mara 36, inabaki atomu moja hivi, na mara 36 za miaka 5,730 ni miaka 206,000 tu. Maabara huishiwa nguvu mapema zaidi. Ikifika miaka 50,000, zimebaki atomu mbili na ushei kwa kila elfu moja za mwanzo, na uchafu mdogo wa kaboni ya leo unatosha kuzifunika. Kwa Zinj, ambaye muda wake ni zaidi ya mara 300 ya nusumaisha ya kaboni-14, hapakuwa na kitu cha kuhesabu.

Potasiamu ina tatizo la upande wa pili. Weka miaka milioni 1.75 kwenye kanuni ya hapo juu: λ mara t inakuwa 0.00097, na kilichobaki ni 0.99903 ya mwanzo. Yaani katika kila atomu 10,000 za potasiamu-40 zilizokuwamo kwenye jivu lile, bado zipo 9,990. Zimeondoka kama 10 tu. Ukijaribu kupima upungufu mdogo namna hiyo moja kwa moja, huwezi, kwa sababu hujui kwa uhakika wa kutosha zilikuwa ngapi mwanzoni. Kwa hiyo hupimi kilichobaki. Unapima kilichozaliwa.

Katika zile atomu 10 zilizovunjika, tisa hivi zimegeuka kuwa kalsiamu-40. Hizo hazitusaidii, maana kalsiamu ya kawaida imejaa tele kwenye mwamba na huwezi kutofautisha mpya na ya zamani. Lakini moja iliyobaki imegeuka kuwa agoni-40, na agoni ni gesi isiyoungana na kitu chochote. Mwamba ukiwa bado uji wa moto ndani ya volkano, gesi hii hutoroka. Uji ukipoa na kuwa punje ngumu za felspa, agoni yoyote inayozaliwa baada ya hapo hunaswa ndani ya punje na haiwezi kutoka. Ndiyo maana jivu la volkano lina thamani kubwa kwa mtu anayetafuta umri: huanza likiwa halina agoni, na kila agoni iliyomo ndani yake ni ya baadaye. Nyanda za juu za Ngorongoro, zilizokuwa na volkano hai wakati huo, ziliimwagia Olduvai majivu mara kwa mara. Bila volkano hizo tungekuwa na mifupa mingi isiyo na umri.

Hebu tufanye hesabu yenyewe, kwa tarakimu nilizochagua ili jibu liangukie karibu na lile la mwaka 1961. Tuna gramu moja ya felspa, na asilimia 3 ya uzito wake ni potasiamu. Gramu hiyo ina atomu za potasiamu zipatazo 4.62 × 10^20. Nyingi kati ya hizo ni tulivu. Potasiamu-40 ni kama atomu 12 katika kila 100,000, kwa hiyo tunazo 5.39 × 10^16. Tunaiyeyusha punje ndani ya chombo kisicho na hewa, tunaikusanya gesi inayotoka, na tunaipitisha kwenye spektromita ya tungamo, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito wake na kuzihesabu. Mashine inatuambia kuna agoni-40 zipatazo 8.00 × 10^12.

Anayeanza kujifunza angekimbilia kwenye kanuni hapo hapo. Angepata miaka milioni 2.55, na angekuwa amekosea kwa miaka laki nane. Sababu ni hewa. Hewa tunayovuta ni agoni kwa karibu asilimia moja, na nyingi ya agoni hiyo ni agoni-40 vilevile. Milimita moja tu ya ujazo ya hewa ina agoni mara 45 hivi ya ile tunayoitafuta kwenye gramu yetu. Hewa hujishika kwenye uso wa punje, kwenye nyufa, na kwenye kuta za chombo, na hakuna usafi wa maabara unaoweza kuiondoa yote.

Dawa yake imo ndani ya hewa yenyewe. Hewa ina pia agoni-36, ambayo haizaliwi na potasiamu. Kwa miongo mingi maabara zimetumia uwiano wa agoni-40 zipatazo 295.5 kwa kila agoni-36 moja ya hewani. Mashine ikisoma agoni-36 zipatazo 8.53 × 10^9, tunazizidisha kwa 295.5 na kupata 2.52 × 10^12. Hiyo ni sehemu ya hewa. Tunaiondoa, na inabaki 5.48 × 10^12, ambayo ndiyo iliyozaliwa ndani ya punje. Sasa tunaweza kutumia kanuni ya umri:

```
t = (1/λ) × ln(1 + (Ar/K) / 0.1048)

Ar/K = 5.48 × 10^12 / 5.39 × 10^16 = 0.0001017
0.0001017 / 0.1048 = 0.000970
t = 0.000970 / (5.54 × 10^-10) = milioni 1.75
```

Ile 0.1048 ni sehemu ya potasiamu-40 inayoelekea kwenye agoni badala ya kalsiamu. Logi asilia ya moja na kitu kidogo sana inakaribia kuwa kile kitu kidogo chenyewe, ndiyo maana mstari wa mwisho ni mgawanyo tu. Na hapa msomaji aone jambo moja: umri wote umesimama juu ya namba zilizopimwa maabara, zikiwamo λ na hiyo 0.1048. Mwaka 1977 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kutumia vipimo vilivyoboreshwa vya potasiamu-40, na umri mwingi uliokuwa umekokotolewa kabla ya hapo ukapanda kwa asilimia 2 hadi 3. Mawe hayakubadilika. Kilichobadilika ni namba tuliyogawanyia.

Hata hivyo, λ si mahali ambapo watu huumia. Wanaumia kwenye masharti mawili niliyoyapitia haraka: kwamba punje ilianza bila agoni, na kwamba tangu hapo haikupoteza wala kupokea. Historia ya Afrika Mashariki ina mfano halisi wa kila upande.

Wa kwanza ulitokea Olduvai yenyewe, mwaka ule ule wa 1961. Gustav von Koenigswald na wenzake wawili, Gentner na Lippolt, walipima mwamba wa lava uliolala chini ya matabaka ya Zinj, wakapata miaka milioni 1.3. Ina maana lava iliyo chini ilikuwa changa kuliko jivu lililo juu yake, jambo ambalo haliwezekani, kwa kuwa cha chini ndicho kilichotangulia kuwekwa. Wapinzani wa Leakey walifurahi. Lakini mgongano huo haukusema nani amekosea. Ulisema tu kwamba mmoja wao lazima amekosea. Vipimo vya baadaye vya lava ambayo haijaliwa na maji na hewa vilitoa takriban miaka milioni 1.9, na mpangilio ukakaa sawa. Lava iliyochakaa huvujisha agoni, na iliyovuja huonekana changa kuliko ilivyo. Kwa maoni yangu kisa hiki kidogo kinafundisha kuliko kurasa nyingi za nadharia: mpangilio wa matabaka ni shahidi ambaye hategemei mashine, na mashine ikipingana naye, mashine ndiyo ya kuhojiwa kwanza.

Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi na ulichukua miaka kumi. Mashariki mwa Ziwa Turkana, huko Koobi Fora nchini Kenya, kuna tabaka la jivu linaloitwa KBS. Frank Fitch na Jack Miller wa Uingereza walipopima sampuli ya kwanza walipata zaidi ya miaka milioni 200. Walitambua mara moja kwamba jivu lile lilikuwa limechanganyika na punje za miamba mikongwe, wakaomba sampuli safi zaidi. Ile mpya iliwapa miaka milioni 2.61, nao wakaichapisha mwaka 1970. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa kikosi cha Richard Leakey, aliona chini ya jivu hilo vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470. Kwa kuwa lilikuwa chini ya jivu la miaka milioni 2.6, lilitangazwa kuwa na karibu milioni 2.9. Fuvu lenye ubongo mkubwa, la zamani kiasi hicho, lilitishia kupindua simulizi yote ya asili ya binadamu.

Waliolitilia shaka jivu lile walikuwa nguruwe. Basil Cooke, mtaalamu wa visukuku vya nguruwe, aliona kwamba magego ya nguruwe wa Koobi Fora waliopatikana chini ya KBS yalifanana na ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, kwenye matabaka yenye takriban miaka milioni 2, si milioni 2.6 na zaidi. Omo na Koobi Fora ni majirani. Nguruwe wale wale hawakuweza kuishi huku zaidi ya miaka laki sita kabla ya kule. Mwaka 1975 maabara ya Curtis kule Berkeley ilitoa umri wa chini zaidi, mmoja wa milioni 1.82 na mwingine wa 1.60. Mabishano yakawa makali, na kila upande ukashika lake. Yalimalizika kuanzia mwaka 1980, pale Ian McDougall wa Australia alipopima upya kwa potasiamu na agoni akapata miaka milioni 1.89, na wakati huo huo Andrew Gleadow akatumia njia tofauti kabisa, ya kuhesabu michirizi inayoachwa na urani inapopasuka ndani ya madini, akapata 1.87. Njia mbili zenye udhaifu usiofanana ziliangukia mahali pamoja, na nguruwe walikuwa upande wao.

Ni kiasi gani cha uchafu kinachohitajika kuharibu hesabu? Kidogo kuliko mtu anavyodhani. Chukua punje ya felspa kutoka mwamba uliopoa miaka milioni 500 iliyopita, kama miamba mikongwe iliyolala chini ya Serengeti. Kwa kanuni ile ile, agoni iliyomo ndani yake ni zaidi ya mara 300 ya ile iliyomo kwenye punje ya umri wa Zinj yenye potasiamu sawa. Kwa hiyo punje 3 za namna hiyo zikijipenyeza katika punje 1,000 za jivu, umri utaonekana karibu mara mbili ya ule wa kweli. Mto mmoja uliopita juu ya jivu kabla halijagandamana unatosha kuzileta. Na ukiyeyusha punje zote elfu kwa pamoja, mashine itakupa wastani mmoja uliotulia, usio na dalili yoyote ya kosa.

Ndiyo sababu maabara za leo hazipendi kuyeyusha punje kwa mkupuo. Kwanza punje hupigwa kwa nyutroni ndani ya tanuri la nyuklia, ili sehemu ndogo ya potasiamu tulivu igeuke kuwa agoni-39. Baada ya hapo potasiamu na agoni huweza kusomwa kutoka punje hiyo hiyo, kwa mashine hiyo hiyo, kwa wakati mmoja. Kisha kila punje huyeyushwa peke yake kwa leza. Punje 20 zikitoa umri wa karibu milioni 1.8 na moja ikatoa milioni 500, ngeni inajionyesha yenyewe na inawekwa kando. Mwaka 1991 Robert Walter, Paul Manega, Richard Hay, Robert Drake na Garniss Curtis, yule yule wa mwaka 1961, walichapisha vipimo vya leza vya jivu la Olduvai, punje baada ya punje. Kazi zilizofuata zimelisogeza tabaka la Zinj hadi miaka milioni 1.84 hivi.

Kwa hiyo ile 1.75 ya mwaka 1961 ilikuwa pungufu kwa asilimia 5 tu, na sehemu ya upungufu huo ilitokana na namba za potasiamu zilizorekebishwa baadaye. Kwa kipimo cha kwanza cha aina yake kwenye tabaka lenye masalia ya jamaa wa binadamu, nasema ilikuwa kazi ya kuheshimiwa sana.

Fuvu la Zinj limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ukienda kulitazama, au kutazama kisukuku kingine chochote, na ukaona miaka imeandikwa pembeni, muulize mwongozaji maswali matatu: ni tabaka gani lililopimwa na liko juu au chini ya mfupa, punje zilipimwa moja moja au kwa pamoja, na baada ya alama ya kujumlisha na kutoa kuna tarakimu gani. Umri usio na majibu hayo bado ni makisio.